Samaki, Harusi na Diski Iliyogoma

Alikuja na diski ya nje ya terabaiti moja, kaifunga kwenye kile kitambaa laini cha kufutia lenzi. Ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga, mwenye wateja hadi Muheza na Korogwe. Ndani ya diski kulikuwa na harusi tano, mbili kati yake bado hajazikabidhi kwa wenyewe. Miezi michache nyuma mwenzake aliibiwa begi kwenye basi, picha za wateja zikaenda nalo, naye akaona ailinde yake kwa BitLocker, zana ya kusimba diski iliyomo ndani ya Windows. Akaweka nywila, akahamishia picha zote humo, akazifuta kwenye laptopu ili apate nafasi. Kazi zikapoa, akapumzika wiki tatu. Aliporudi, nywila haikumjia.

"Fundi, paswedi ya laptopu ulinitolea kwa dakika kumi," akasema. "Hii nayo si vilevile?"

Si vilevile, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Nywila ya kuingilia Windows ni bawabu aliyekaa mlangoni. Anakuuliza wewe ni nani, lakini vitu vya ndani viko kama ulivyoviacha. Ukiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, au ukiichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, umepita uani na bawabu hana habari. Diski iliyosimbwa haina bawabu wala uani. Kila kipande cha picha kimegeuzwa kikawa kitu kingine, na ukikitazama moja kwa moja huoni ila tarakimu zilizovurugwa, zisizo na tofauti na kelele za redio isiyoshika stesheni.

Kilichozivuruga si ile nywila yenyewe. Siku unapowasha BitLocker, kompyuta hubuni namba ya bahati nasibu na kuitumia kuvuruga kila kitu. Kwa kawaida namba hiyo ina biti 128, maana yake kuna namba nyingi zinazowezekana kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 39. Kuibahatisha hakufikiriki. Namba hiyo hufungiwa ndani ya kisanduku, ufunguo wa kisanduku nao hufungiwa ndani ya kingine, na hicho cha nje hutengenezwa nakala mbili: moja inafunguka kwa nywila yako, nyingine kwa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Visanduku vyote vimehifadhiwa kwenye diski hiyohiyo, katika sehemu tatu tofauti, pembe moja ikiharibika nyingine ipo.

Nywila haijaandikwa popote. Ukiichapa, Windows huikoroga kwa hesabu iitwayo SHA-256 mara 1,048,576, kisha hujaribu kufungua kisanduku kwa kile kilichopatikana. Kikifunguka, ulikuwa sahihi. Kisipofunguka, hakuna orodha ya kulinganisha wala mtu wa kumpigia simu. Ile mikorogo milioni moja iliwekwa kwa makusudi: wewe unayechapa mara moja huisikii, lakini anayetaka kujaribu nywila bilioni hulipia kila mkorogo.

Kabla ya kuja kwangu alishapita kwa fundi mwingine mjini, aliyemwahidi kwa shilingi 80,000 kwamba angeifomati diski kisha arudishe mafaili kwa programu ya kufufua. Nashukuru hakukubali. Programu hizo hufanya kazi vizuri kwenye diski ya kawaida, kwa sababu faili lililofutwa huwa bado limelala pale pale likisubiri kuandikiwa juu. Kwenye diski iliyosimbwa zitafufua kelele zilezile. Na fomati inaweza kufuta vile visanduku. Visanduku vikishapotea, hata nywila sahihi ikumbukwe kesho asubuhi, haina cha kufungua. Kitu cha kwanza, basi, ni kutoandika chochote kwenye diski: usiifomati, na Windows ikikuuliza kama uifomati, kataa.

Tukaanza na zile tarakimu 48, maana ni njia isiyotegemea kumbukumbu. BitLocker haikubali kuendelea bila wewe kuchagua pa kuweka ufunguo wa kurejesha: kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwenye faili, au kwenye karatasi. Watu hubofya haraka wakasahau kwamba walibofya. Aliyechagua akaunti ataukuta humo akiingia kwa barua pepe ileile aliyotumia siku hiyo, na ya kazini huenda iko kwa watu wa kompyuta wa ofisi. Faili huanza kwa jina `BitLocker Recovery Key`, na ndani yake kuna kitambulisho. Linganisha herufi zake nane za mwanzo na zile zinazoonekana kwenye dirisha la kufungulia diski, usije ukahangaika na ufunguo wa diski nyingine.

Tarakimu hizo zimepangwa katika mafungu manane ya sita sita, na kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Fungu 123453 linagawanyika. 123454 haliwezi kuwa sahihi kamwe. Ukiwa na picha hafifu ya karatasi uliyopiga kwa simu, usiyejua kama ile ni 3 au 8, kikokotoo cha dukani kitakuamulia.

Mpiga picha wetu akakumbuka: alihifadhi faili kwenye flashi. Flashi iko wapi? Alimpa bwana harusi mmoja ikiwa na video fupi ya harusi yake. Tukaifuata. Bwana harusi alishaifomati na kuijaza nyimbo. Nilijaribu kufufua kilichokuwemo, nikapata vipande vya watu wakicheza na keki iliyokatwa nusu. Lile faili dogo la maandishi lilishafunikwa.

Njia ya pili wengi hawaijui. Ukifungua diski kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta, kuna kijisanduku cha kuiambia Windows iifungue diski hiyo yenyewe kila ikichomekwa hapo. Aliyeweka alama anaweza kuwa amesahau nywila lakini kompyuta yake inakumbuka. Chomeka diski kwenye kila kompyuta iliyowahi kuifungua, ya studio, ya nyumbani, ya msaidizi. Ikifunguka mahali popote, usiichomoe. Nakili picha zako, kisha fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike, ukibadili `E:` kwa herufi ya diski yako:

```
manage-bde -protectors -get E:
```

Tarakimu zako 48 zitatokea hapo waziwazi. Kwa huyu bwana, alama iliwekwa kwenye laptopu ya msaidizi wake, na laptopu hiyo ilishawekewa Windows upya baada ya kuingia virusi. Kumbukumbu nayo ilikwenda.

Ikabaki kubahatisha, na kubahatisha kuna hesabu yake. Watu huogopa kwamba wakikosea mara nyingi diski itajifuta. Vipo vifaa vya hivyo: Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi San Francisco, alijulikana dunia nzima mwaka 2021 kwa flashi yake ya IronKey yenye ufunguo wa bitkoini 7,002, ambayo hujifunga kabisa mtu akikosea mara kumi, naye alishatumia nane. Diski ya BitLocker yenye nywila haina hesabu hiyo. Unaweza kukosea mpaka uchoke, kwa hiyo swali linabaki ni makosa mangapi yatoshe.

Nilimketisha na chai, nikamwomba asinitajie nywila bali anisimulie siku ile. Alikuwa wapi, anawaza nini, huwa anatunga vipi. Alikuwa na hakika ya maneno mawili, samaki na harusi, kwa mpangilio asioukumbuka, na mwaka mmoja kati ya 2017 na 2021, mzima au tarakimu zake mbili za mwisho. Kila neno huenda lilianza kwa herufi kubwa, huenda ni kubwa zote, huenda ni ndogo zote. Na pengine kulikuwa na alama moja kati ya tano azipendazo, katikati ya maneno au mwishoni. Ukizidisha vyote unapata nywila 1,980. Kwa mkono ni siku nzima ya kuchapa. Kwa kompyuta yangu yenye kadi ya michoro, inayojaribu kama elfu moja kwa sekunde, ni sekunde mbili.

Hazikufungua. Nikaongeza kosa moja la kidole mahali popote ndani ya kila nywila, zikawa karibu milioni tatu, kama saa moja ya kazi. Hazikufungua.

Linganisha na mtu asiyekumbuka lolote. Nywila ya herufi nane ndogo zisizo na maana ingeichukua mashine hiyohiyo karibu miaka 7 kuzimaliza zote. Changanya herufi kubwa na tarakimu, urefu uleule wa nane, inakuwa karibu miaka 6,900. Nani atakodi mashine kwa muda huo kwa ajili ya picha za keki? Ndiyo maana fundi mkweli atakuuliza kwanza unakumbuka nini. Anayesema anafungua BitLocker yoyote bila kuuliza chochote ama anazungumzia laptopu zinazojifungua zenyewe zikiwashwa, ambazo zina udhaifu wa aina nyingine, ama anapanga kuifomati.

Jambo jingine la kumpimia fundi: kubahatisha hakuhitaji diski. Kuna programu ndogo, `bitlocker2john`, inayosoma kile kisanduku cha nywila na kukitoa kama mstari mmoja wa maandishi. Mashine hujaribu dhidi ya mstari huo. Ukimtumia mtu wa mbali mstari huo tu, hana picha hata moja ya mteja wako, na diski inabaki kabatini kwako.

Kwa hiyo tuliiacha diski, tukazifuata picha zenyewe. Kadi mbili za kamera hazikuwa zimetumika tena tangu harusi ya mwisho, na humo programu ya PhotoRec ilirudisha harusi moja karibu nzima. Kwa ile ya pili, laptopu ilikuwa bado na katalogi ya Lightroom. Picha halisi hazipo, lakini alikuwa na tabia ya kutengeneza zile nakala ndogo ziitwazo Smart Previews, zenye upande mrefu wa pikseli 2560. Hazitoshi bango la ukutani. Kwa albamu ya kawaida zinatosha, na bibi harusi hakuuliza. Zile tatu nyingine wateja walishapokea zao. Alichopoteza hapo ni mafaili asilia, na pesa za yeyote ambaye angerudi kutaka nakala.

Diski hakuifomati. Ameiweka kwenye bati la biskuti, amenunua nyingine, na zamu hii tarakimu 48 zimeandikwa kwa mkono nyuma ya daftari la mkewe la kikoba. Mimi nimebaki na ule mstari mmoja wa maandishi kwenye kompyuta yangu.

Juzi alinipigia saa nne usiku. "Fundi, samahani kukuamsha. Jaribu kuweka changu mahali pa samaki."

Nimeweka changu. Nimeongeza na kolekole, pweza na papa, kwa sababu namfahamu.