Barua ya Siku Kumi na Tano

Juni mwaka jana dada yangu, mwalimu wa msingi, alipata uhamisho wa ghafla kutoka Ngara kwenda Biharamulo. Mizigo ilikuwa tayari kupandishwa kwenye fuso wakati kituo anacholelewa mwanawe mchana kilipodai ada ya Julai yote, shilingi 30,000. Mfukoni alikuwa na nauli tu.

Tukaitafuta fomu ya kuandikisha mtoto. Iliandikwa hivi: mzazi atoe notisi ya mwezi mmoja, au alipe ada ya mwezi mmoja badala ya notisi. Wengi tunasaini bila kusoma, tuseme ukweli. Kipengele chenyewe si uonevu, maana mlezi analipwa mshahara hata kiti kikibaki wazi.

Ila dada hakuondoka kimyakimya. Tarehe 16 Juni alipeleka barua, na nakala ikasainiwa kwamba imepokelewa. Hiyo saini ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu maneno aliyomwambia mlezi getini wiki ya kabla hakuna aliyeyakumbuka.

Sasa hesabu. Mwezi mmoja kuanzia 16 Juni unaisha 15 Julai. Ada ya Juni ilishalipwa, kwa hiyo pengo ni siku 15 za Julai, yaani karibu nusu ya mwezi: shilingi 15,000. Hela ya uji haiingii, kwani mtoto hanywi uji asipokuwepo, na fomu ilitaja ada tu.

“Mama, mwezi ni mwezi,” alisema msimamizi.

“Sawa mama, lakini nusu yake nimeshakupa kwa barua,” dada akajibu.

Hapo nikaingiza kile nilichosoma kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 74 kinasema hata mkataba ukitaja kiasi cha kulipa ukivunjwa, anayedai hupata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kile kiasi ni dari. Kama nafasi imejazwa na mtoto mwingine tarehe 1 Julai, hasara ya kituo ni ndogo sana. Na pale kulikuwa na wazazi wanaosubiri nafasi, msimamizi mwenyewe alishatuambia. Tuliafikiana 15,000, tukadai risiti iliyoandikwa “hakuna deni.”

Angalizo moja: fomu nyingine husema notisi inahesabiwa kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Ingekuwa hivyo, barua ya 16 Juni ingeanza kuhesabiwa 1 Julai, na dada angedaiwa Julai nzima. Hesabu yangu yote ingekufa, ingebaki hoja ya nafasi kujazwa.

Kituo kipya cha Biharamulo kilikuwa na sentensi hiyohiyo. Safari hii dada aliisoma kabla ya kusaini, akaomba iandikwe “kuanzia siku barua inapopokelewa.” Msimamizi akakata kwa kalamu, wote wawili wakasaini pembeni.