Risasi Moja, Milio Miwili

Mwaka 1886, katika mji wa Fiume ambao leo ni Rijeka nchini Kroatia, mwalimu wa chuo cha jeshi la majini aitwaye Peter Salcher alipiga picha ya risasi ikiwa bado hewani. Alifuata maelekezo ya mwanafizikia Ernst Mach, aliyekuwa Prague. Picha ilionyesha mistari miwili iliyoanzia kwenye ncha ya risasi na kutanuka kuelekea nyuma, moja kila upande. Hicho ndicho kilichopasua masikio ya askari kabla hawajasikia bunduki yenyewe.

Mashua inayokwenda kwa kasi kuliko mawimbi ya maji huacha nyuma yake mkunjo wenye umbo la V. Risasi inayoipita sauti hufanya vivyo hivyo hewani, ila mkunjo wake huizunguka pande zote, ukawa pia. Upana wa pia hiyo hutegemea kasi tu:

sin θ = kasi ya sauti ÷ kasi ya risasi

θ ni pembe kati ya njia ya risasi na ubavu wa pia. Tuchukue sauti mita 340 kwa sekunde na risasi mita 680. Jibu la kugawanya ni nusu, kwa hiyo pembe ni nyuzi 30. Risasi ikienda kasi zaidi, pia hubana.

Sasa mweke mtu mita 100 kando ya njia ya risasi, mkabala na sehemu iliyo mita 340 kutoka kwenye bunduki. Risasi inafika mkabala naye baada ya nusu sekunde, lakini yeye hasikii kitu. Ubavu wa pia unamfikia sekunde 0.75 tangu risasi itoke, nayo tayari imeshampita kwa mita 173. Hapo husikia mpasuko mkali. Mlio wa mtutu, unaosafiri kwa kasi ya sauti tangu mwanzo, humfikia kwenye sekunde 1.04.

La kuzingatia zaidi ni mwelekeo. Mpasuko ule ulizaliwa risasi ilipokuwa mita 282 kutoka kwenye bunduki, basi sikio litaelekea huko, mahali pasipo na mtu wala silaha.

Hesabu hii imechukulia kwamba kasi haibadiliki. Kwa kweli hewa huipunguza risasi njiani, pia ikazidi kutanuka, hadi kasi ishuke chini ya ile ya sauti na mpasuko mpya usizaliwe tena. Aliyesimama nyuma ya mpigaji naye hafikiwi na pia hata kidogo. Husikia mlio wa mtutu peke yake. Kwa aliye mbele au kando, mlio wa pili ndio unaoonyesha bunduki iliko.