Kauli nne, alama moja: Hesabu iliyojificha katika maswali ya kweli au si kweli

MWANAFUNZI aliyezoea kuchagua jibu moja kati ya A, B, C na D, kama ilivyokuwa katika mtihani wa KCPE hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, hupigwa na butwaa anapokutana na swali la aina nyingine. Anapewa maelezo mafupi, kisha kauli nne zilizopangwa katika jedwali, na mbele ya kila kauli pana nafasi mbili: kweli, si kweli. Hachagui kauli moja na kuziacha nyingine. Sharti azihukumu zote nne.

Mtihani mkubwa unaotumia mtindo huu ni ule wa kuhitimu shule ya upili nchini Vietnam. Tangu mwaka wa 2025, karatasi ya hisabati katika mtihani huo ina sehemu tatu, na sehemu ya pili ina maswali manne ya jedwali. Kila swali lina kauli nne na alama moja. Sehemu hiyo peke yake hubeba alama 4 kati ya 10 za karatasi nzima.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni namna alama hiyo moja inavyogawanywa. Mtu angedhani kila kauli ina robo alama, lakini sivyo. Aliyepata kauli moja tu hupewa alama 0.1. Aliyepata mbili hupewa 0.25, aliyepata tatu hupewa 0.5, na aliyepata zote nne ndiye hupewa alama nzima. Hakuna alama inayokatwa kwa kukosea.

Kwa nini ngazi hiyo isiyo na vipimo sawa? Sababu ni kubahatisha. Mbele ya kila kauli pana majibu mawili tu, hivyo mtu anayerusha sarafu atapata kauli mbili kati ya nne kwa wastani. Lau kila kauli ingekuwa na robo alama, asiyejua lolote angeondoka na nusu ya alama zote. Kwa ngazi ya Vietnam, mrusha sarafu huyo hupata wastani wa takriban alama 0.31 kwa swali. Bado ni zaidi kidogo ya robo ambayo angeipata kwa kubahatisha swali la kawaida lenye majibu manne, lakini ni chini sana ya nusu.

Uswisi na Ujerumani, mitihani ya udaktari imetumia kwa miaka mingi mtindo wa jedwali uitwao Kprime, ulio mkali zaidi. Kauli nne sahihi ni alama moja, tatu ni nusu, na chini ya hapo ni sufuri. Anayebahatisha hapo hupata wastani wa alama 0.19 tu.

Hebu tuchukue mfano tuliojitungia. Jiwe limerushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Mvutano wa ardhi huipunguza kasi hiyo kwa mita 10 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Kauli ya kwanza inasema kuwa jiwe likiwa kileleni kabisa, kasi yake ni sufuri. Ya pili inasema kuwa hapo kileleni ardhi huacha kulivuta kwa muda. Ya tatu inasema kuwa jiwe huchukua sekunde 2 kufika kileleni. Ya nne inasema kuwa kilele hicho kiko mita 40 kutoka pale liliporushwa.

Ya kwanza ni kweli. Ya pili si kweli, kwa maana kama ardhi ingeacha kulivuta, jiwe lingebaki likining'inia hewani. Ya tatu ni kweli: kasi ya 20 ikipunguzwa 10 kila sekunde huisha kwa sekunde mbili. Ya nne ndiyo mtego. Aliyezidisha 20 kwa 2 hupata 40 na kuandika kweli kwa furaha. Lakini jiwe halikwenda kwa kasi ya 20 muda wote; lilianza na 20 likaishia sufuri, hivyo wastani ni 10, na kilele kiko mita 20. Kauli ya nne si kweli.

Hapa pana makosa mawili ambayo watahiniwa hufanya. La kwanza ni kuiruhusu kauli moja iibebe nyingine. Kauli ya nne hutumia sekunde 2 za kauli ya tatu, na kwa kuwa ya tatu ni kweli, wengi huona ya nne nayo imethibitishwa. La pili ni kutafuta ulinganifu. Mfano wetu umetoa kweli mbili na si kweli mbili, lakini hilo limetokea tu. Jedwali laweza kuwa na kweli nne au lisiwe na kweli hata moja, na anayebadilisha jibu alilolipigia hesabu eti kwa sababu "kweli zimezidi" anatupa alama.

Sasa turudi kwenye ngazi, kwani inaathiri hata matumizi ya dakika za mwisho. Tuseme mtahiniwa ana hakika na kauli tatu na ya nne hana. Akiiacha wazi ana 0.5. Akiibahatisha, wastani wake ni 0.75, na hawezi kushuka chini ya 0.5. Kuacha mstari wazi hakuna faida yoyote pale ambapo kosa haliadhibiwi.

Je, akibakiwa na dakika za kuchunguza kauli moja tu, aende wapi? Akiipigia hesabu ile ya nne hadi awe na hakika, wastani wake hupanda kutoka 0.75 hadi 1, yaani robo nzima. Akienda kwenye swali ambalo alikuwa akibahatisha kauli zote na kupata hakika ya moja, wastani hupanda kutoka 0.31 hadi 0.42 hivi, nyongeza ya takriban 0.11. Kwa hiyo kulimaliza swali lililokaribia kukamilika kuna faida maradufu, ila tu kauli iliyobaki isiwe ngumu kiasi cha kumeza muda wote.

Ngazi hiyo hiyo ina dosari ambayo walimu wanaotaka kuiiga hawana budi kuipima. Chukua watahiniwa wawili waliopata kauli 12 kati ya 16. Wa kwanza amepata tatu katika kila swali, hivyo ana alama 2. Wa pili amepata maswali matatu yote kamili na kukosa kauli zote za swali la nne; ana alama 3. Idadi ya majibu sahihi ni ile ile, lakini mmoja amemzidi mwenzake kwa alama nzima. Mtetezi wa mfumo atasema wa pili anazielewa mada tatu kikamilifu. Huenda ni kweli, mradi kauli nne za kila swali zinahusu jambo moja. Zikiwa zimeokotwa huku na kule katika silabasi, utetezi huo hauna mashiko.

Isitoshe, jedwali halimwulizi mtahiniwa anajua nini badala ya uongo alioukataa. Aliyeandika kuwa mita 40 si kweli huenda anaamini ni mita 30. Amepata alama sawa na yule aliyepata 20. Mwalimu anayetaka kuwatenganisha wawili hao itambidi aulize swali la nne kando, na kuacha nafasi ya kuandika tarakimu.