Kurejelea Mahojiano, Mawaidha ya Mtandaoni na Tovuti za Dini: Mfano wa Utafiti wa Eastleigh

Mwalimu mwenzangu, yamkini umewahi kusahihisha kazi ya utafiti kuhusu mawaidha ukakutana na marejeleo kama haya: "Shekhe mmoja, YouTube, 2024." Mawaidha tunayafunza kama kipera cha mazungumzo katika fasihi simulizi, na mtafiti anayeyafuata mtaani Eastleigh huyapata mahali patatu. Huyapata kinywani mwa mzee aliyehojiwa, katika video iliyowekwa mtandaoni, na katika tovuti ya baraza au shirika la dini. Vitabu vyetu vya mwongozo hueleza vizuri jinsi ya kurejelea riwaya au jarida, kisha huishia hapo.

Katika makala haya nitafuata mtindo wa APA, toleo la 7 lililotolewa mwaka 2019, kwa kuwa ndio unaodaiwa na idara nyingi za elimu.

Hebu tuanze na mahojiano, maana hapo ndipo nilipoteleza mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu niliorodhesha wahojiwa wote katika orodha ya marejeleo, kila mmoja kwa jina lake kamili. Msimamizi aliirudisha na kuandika pembeni swali moja tu: "Msomaji atayapata wapi mahojiano haya?" Jibu lilikuwa kwamba hangeyapata popote. Orodha ya marejeleo ni ya vitu ambavyo msomaji anaweza kuvifikia. Kanda iliyo kabatini mwangu haifikiki.

Wengi hukimbilia suluhisho la pili, nalo pia lina kasoro. APA ina kitu kiitwacho mawasiliano ya kibinafsi, ambacho hutajwa ndani ya matini pekee na hakiingii katika orodha. Kwa mfano: (A. Jina, mawasiliano ya kibinafsi, Machi 3, 2024). Lakini njia hii ni ya mtu uliyemuuliza jambo kama mjuzi, tuseme imamu aliyekueleza mpangilio wa hotuba ya Ijumaa. Haimhusu mhojiwa wa utafiti wako. Maneno ya mhojiwa ni data, na data haihitaji marejeleo. Unaieleza katika sura ya mbinu za utafiti, kisha unaitaja kwa msimbo, kwa mfano: Mhojiwa 4, mwanamke wa makamo, muuzaji nguo.

Usidhani msimbo ni urembo. Aprili 2014 serikali iliendesha operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao wakiwa wakazi wa Eastleigh, na baadhi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mzee anayekumbuka siku hizo hatakuzungumzia mbele ya kinasasauti ikiwa jina lake litapigwa chapa. Chunga pia maelezo yanayoandamana na msimbo. Ukiandika "mwadhini wa msikiti fulani wa barabara fulani," umemtaja jina bila kulitaja.

Sasa tuje kwenye video, na hapa tutakaa kidogo. Tuseme unachambua takriri katika hotuba iliyotolewa msikitini Ijumaa, Machi 15, 2024, ikapandishwa YouTube Jumapili, Machi 17. Mhutubu ni shekhe mgeni, na chaneli ni ya msikiti. Mwandishi ni nani? Kwa APA, mwandishi ni aliyeipandisha video, kwa kuwa msomaji atakayeitafuta ataipata kwa jina hilo. Tarehe nayo ni ile ya kupandishwa. Kichwa huandikwa kwa italiki, kwa maneno yale yale yaliyo kwenye skrini. Umbo lake ni hili:

Jina la Chaneli. (2024, Machi 17). *Kichwa cha hotuba* [Video]. YouTube. https://www.youtube.com/watch?v=...

Msomaji utauliza, "Na shekhe mwenyewe amepotelea wapi?" Yumo katika sentensi yako: "Katika hotuba ya Ijumaa, Machi 15, 2024, Shekhe Fulani anairudia kauli hiyo mara tatu (Jina la Chaneli, 2024, 12:40)." Tarakimu za mwisho ni dakika na sekunde ambapo kauli inaanza, na zinashika nafasi ya nambari ya ukurasa. Bila hizo, unamtuma mtahini asikilize saa nzima akitafuta sentensi moja.

Mpangilio huu unatuondolea utata mwingine wa Eastleigh, yaani majina. Msomali kwa kawaida hutumia jina lake, la baba na la babu, wala hana jina la ukoo. Ukiligeuza jina ili la mwisho litangulie, unamwita shekhe kwa jina la babu yake. Akiwa ndani ya sentensi, unamwandika kwa mfuatano wake kamili. Taabu hubaki pale chaneli inapokuwa yake binafsi, maana hapo yeye ndiye mwandishi. Mimi huanza na jina la mwisho jinsi APA inavyotaka, kisha ninaweka jina la chaneli katika mabano mraba baada yake. Si suluhisho zuri sana, lakini likitumika kwa wote halimpotezi msomaji.

Kuna mitego miwili zaidi. Wa kwanza ni tarehe ya Hijria. Ukisikia "tarehe 5 Ramadhani" usikimbilie jedwali la kubadilisha tarehe. Waliofuata tangazo la Saudia mwaka 2024 walianza kufunga Machi 11, hivyo Ijumaa ile ya Machi 15 kwao ilikuwa mwezi 5. Aliyeanza siku moja baadaye aliihesabu kuwa mwezi 4. Andika tarehe ya Hijria kama alivyoitaja mhutubu, kisha uthibitishe ya Miladi kwa siku ya juma. Wa pili ni nakala. Hotuba moja hupandishwa na chaneli tatu, moja ikiwa imekatwa katikati. Linganisha urefu wa video, uchague ya mwenye msikiti ikiwa ipo, na dakika zako zote zitoke kwenye nakala hiyo moja.

Ikiwa hotuba ni ya Kisomali nawe unainukuu kwa Kiswahili, sema mara moja katika sura ya mbinu kwamba tafsiri ni yako. La sivyo, mtahini atadhani takriri unayoichambua ni ya shekhe, kumbe ni ya mfasiri.

Tovuti hazisumbui sana. Mwandishi ni shirika lenyewe, kwa jina linalojiita katika ukurasa huo. Jina hilo likiwa ndilo la tovuti pia, halirudiwi:

National Council of Churches of Kenya. (h.t.). *About us*. https://...

Kifupi h.t. ni "hakuna tarehe." Wanafunzi wengi huuchukua mwaka ulio chini kabisa ya ukurasa, kando ya alama ya hakimiliki, wakauweka hapo. Mwaka huo ni wa tovuti nzima na mara nyingi hujibadilisha wenyewe kila Januari, kwa hiyo hausemi ukurasa uliandikwa lini. Tarehe uliyousoma ukurasa iongezwe tu pale ambapo yaliyomo hubadilika mara kwa mara, kama ukurasa wa ratiba za ibada: Imepatikana Machi 20, 2024, kutoka https://...

Kurasa na video hizi hufutwa bila taarifa. Siku unayonukuu, hifadhi ukurasa katika web.archive.org na uandike anwani ya nakala hiyo daftarini. Kwa video, nakili maneno unayoyanukuu pamoja na dakika zake siku hiyo hiyo.

Mwisho, lugha ya marejeleo yenyewe. Ukichagua "h.t." usije ukaandika "n.d." ukurasa unaofuata, na "Machi" isigeuke "March." Kabla ya kuwasilisha kazi, tumia kompyuta kutafuta "n.d." na majina ya miezi ya Kiingereza katika faili nzima. Mimi nilipofanya hivyo nilizikuta kumi na moja.