Tangazo Litanuke, Chupa Ibaki Ilivyo

Mama mmoja anayeuza asali ya Tabora hapa Dar es Salaam alinitumia tangazo lake. Lilikuwa la mraba, pikseli 1080 kwa 1080, kama tunavyoyaweka Instagram. Chupa ya asali imesimama katikati ya meza ya mbao, nyuma kuna ukuta wa rangi ya udongo, mwanga unaingia kutoka kushoto na kivuli cha chupa kinalala kulia. Chini kabisa ulipita mkanda wa kijani wenye bei na namba ya simu. Alikuwa amelipia meza kwenye maonyesho na alitaka tangazo lilelile liwe bango la mita 3 kwa mita 1. Sharti lake lilikuwa moja tu: “Chupa usiiguse, mwanangu. Wateja wanaijua hivyohivyo ilivyo.”

Mraba hauwi bango kwa kuvutwa. Ukiuvuta upana mara tatu, chupa nayo inanenepa mara tatu. Ukiukata juu na chini upate umbo refu, unabaki na tumbo la chupa bila kifuniko. Njia iliyobaki ni kuiacha picha kama ilivyo na kuiongezea meza na ukuta pembeni ambavyo kamera haikuvipiga. Zamani fundi alifanya hivyo kwa kunakili vipande vya ukuta na kuvibandika kwa subira. Siku hizi kuna akili unde inayobuni sehemu hiyo. Photoshop imekuwa na kitufe cha kazi hii, Generative Expand, tangu mwaka 2023, na programu za Stable Diffusion huifanya pia. Ni kazi ya dakika chache, ila ina mtego mmoja, nao uko palepale kwenye chupa.

Nilinaswa na mtego huo kwenye kazi ya awali, ya chupa ya sosi. Niliipa programu picha nzima, nikaiambia iitanue, ikanirudishia picha pana ya kupendeza. Nilitazama pembeni, kwa sababu pembeni ndiko kulikoongezwa, nikaridhika. Mwenye bidhaa ndiye aliyeona kwamba maandishi madogo kwenye lebo yalikuwa yamegeuka vijistari vinavyofanana na herufi lakini havisomeki. Sikuwa nimeiagiza programu iiguse lebo. Ilikuwa imeichora upya chupa nzima, tena kwa ustadi kiasi kwamba kwa mbali huwezi kushuku.

Sababu inaeleweka ukijua jinsi programu hizi zinavyoiona picha. Stable Diffusion, kwa mfano, haifanyi kazi juu ya pikseli zenyewe. Kwanza huibana picha: kwenye matoleo yake ya awali, kila kijimraba cha pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa nukta moja yenye namba 4. Kijimraba hicho kina pikseli 64, na kila pikseli ina namba tatu za rangi, yaani namba 192 zinabaki 4. Ubunifu wote hufanyika humo ndani, kisha picha hukunjuliwa tena. Ukuta hukunjuka vizuri, maana ukuta ni ukuta. Lakini kwenye tangazo la asali, maneno ya uzito, “500 g”, yalikuwa na kimo cha pikseli 11 hivi. Herufi nzima inakaa kwenye nukta moja na kidogo. Inaporudi haiwi ile iliyoingia, hata kama uliweka maski ya kuiambia programu ifanye kazi pembeni tu, kwa sababu picha yote, pamoja na sehemu iliyokingwa, imepita kwenye kubanwa na kukunjuliwa.

Kwa hiyo maski pekee haitoshi. Kinachoilinda chupa ni kuchukua picha ya awali yenyewe, pikseli kwa pikseli, na kuilaza juu ya kazi iliyokamilika, mahali palepale ilipokuwa. Ndani ya Photoshop ni rahisi, maana sehemu mpya huja kwenye leya yake na picha ya zamani inabaki kwenye leya nyingine. Wa kuangaliwa zaidi ni zile programu zinazopokea picha na kurudisha picha nzima mpya. Huko hakuna leya, na cha zamani kimechanganyika na kipya.

Turudi kwa mama wa asali. Kwanza nilimwomba anitumie faili upya kama dokyumenti, maana WhatsApp ikituma picha kama picha huibana, na lebo ilikuwa imeshaanza kufifia. Kisha nikaukata ule mkanda wa kijani. Ulikuwa na kimo cha pikseli 120 na uligusa kingo zote mbili, na programu ikikuta maandishi yanayogusa ukingo hujaribu kuyaendeleza. Ningepata namba ya simu yenye tarakimu ishirini. Mkanda wa rangi moja hauhitaji akili unde. Niliuchora upya urefu wote, nikaandika namba kwa mkono, na mama akaipiga simu kuihakiki.

Ilibaki picha ya pikseli 1080 kwa 960. Bango la mita 3 kwa 1 lina upana mara tatu ya kimo. Kimo chote kikiwa pikseli 1080, upana unakuwa 3240, yaani nilihitaji kuongeza 2160. Sikugawa nusu kwa nusu. Chupa ikikaa katikati kabisa, maneno yanakosa pa kukaa, yanabanwa pande zote mbili. Niliongeza 540 kushoto na 1620 kulia, chupa ikakaa kwenye theluthi ya kushoto na kulia kukabaki ukuta mtupu wa kuandikia.

Upande wa kulia niliutanua kwa hatua tatu za pikseli 540. Ukiiachia programu nafasi kubwa kwa mkupuo mmoja, inaijaza kwa vitu. Jaribio langu la kwanza la pikseli 1620 lilinizalia chupa ya pili, nene kuliko ya kwanza, yenye lebo ya herufi za uongo. Kosa lilikuwa langu pia, kwani kwenye maelezo niliandika neno asali. Unachokitaja ndicho kinachochorwa. Maelezo yanayofaa hayataji bidhaa hata kidogo: meza ya mbao, ukuta mtupu wa rangi ya udongo, mwanga kutoka kushoto. Kwenye Photoshop mara nyingi kuacha kisanduku cha maelezo kitupu hutoa matokeo bora zaidi, maana programu hutegemea kile inachokiona tu.

Hatua ya kwanza ya kulia ndiyo iliyonichukua muda. Kivuli cha chupa kilikuwa kimekatwa na ukingo wa mraba, na programu ilipaswa kukimalizia. Mara mbili ilikigeuza doa jeusi kama mafuta yaliyomwagika mezani. Mara moja ilikisahau kabisa, kikaishia kwenye mstari ulionyooka. Jaribio la nne kilififia polepole kuelekea kulia, kama kivuli cha kweli. Hapo ndipo nashauri mtu asiwe na haraka. Ukuta ukiwa na kasoro ndogo hakuna atakayejua, lakini kivuli kikikatika jicho linasimama papo hapo, hata la mtu asiyejua limeona nini. Kingine cha kukagua ni ukingo wa nyuma wa meza. Weka mstari wa rula juu yake tangu mwanzo hadi mwisho wa bango. Kwenye hatua ya tatu wangu ulikuwa umeshuka kwa pikseli chache, nikairudia.

Baada ya hapo nililaza picha ya awali juu ya kazi yote na kulainisha kingo zake za kushoto na kulia kwa pikseli 40, ili kiungo kisionekane. Bado kilionekana kidogo. Ukuta wa zamani ulikuwa na chembechembe za kamera, na ule mpya ulikuwa laini kama umepigwa pasi. Niliongeza chembechembe kidogo kwenye sehemu mpya, tofauti ikaisha.

Kuhakiki kwamba chupa haikuguswa hakuhitaji macho makali. Fungua faili la mwisho, weka juu yake picha ya awali mahali pake halisi, kisha badili hali ya leya hiyo iwe Difference. Ipo kwenye Photoshop na kwenye GIMP, ambayo ni ya bure. Programu hutoa kila pikseli kwa mwenzake, na penye kulingana panakuwa peusi. Ongeza mwangaza ili tofauti ndogo zijitokeze. Kwangu ilitokea milia miwili ya kijivu kwenye kingo zilizolainishwa, na katikati, palipo na chupa, giza totoro. Nikiifanyia hivyo ile picha ya sosi ya zamani, lebo yote inawaka kama taa. Jaribio hili lifanyike kwa faili lisilobanwa, PNG au PSD, maana JPEG hutawanya vidoa hafifu kila mahali na kukuchanganya.

Kuna mahali pengine chupa inaweza kuchorwa upya baada ya kazi yote hii, nako ni kwenye kukuza. Pikseli 1080 zikigawanywa kwa mita 1, kila pikseli inakaribia milimita nzima. Mtu aliye mita tano haoni shida, lakini anayesimama mbele ya meza ataona ngazi kwenye herufi za lebo. Wachapishaji wengi hukimbilia programu ya kukuza picha kwa akili unde, nayo hubuni herufi kama ile ya kutanua. Kwa ukuta na meza sina neno, ikuzwe. Kwa chupa nilimwomba mama picha halisi ya kamera ambayo tangazo lilitengenezwa kutokana nayo. Alikuwa nayo kwenye simu ya mwanawe, yenye pikseli zaidi ya mara tatu. Nilikuza mandhari, kisha nikakata chupa kutoka picha hiyo na kuiweka juu ya chupa ndogo, kifuniko kwa kifuniko. Kama isingekuwepo, ningeikuza chupa kwa njia ya kawaida ya hesabu tu na kukubali ukungu kidogo. Ukungu hausemi uongo kuhusu uzito wa asali.

Kazi nyingine nazikataa. Ikiwa bidhaa yenyewe imekatwa na ukingo wa mraba, kwa mfano mkono wa kikombe uko nje ya picha, kutanua maana yake ni kubuni huo mkono, na hapo bidhaa imeshachorwa. Nampeleka mwenye mali akapige picha nyingine. Na tangazo lenye mandhari ya rangi moja silipeleki kwenye akili unde kabisa. Naongeza kanvasi, namwaga rangi ileile, nimemaliza.

Mama alikuja dukani kabla ya kuchapisha. Nilimkuzia lebo mpaka ikajaza kioo cha kompyuta. Akaweka kidole juu yake, akasoma kimyakimya neno kwa neno, jina la asali, mahali ilikotoka, akafika kwenye uzito, akasoma kwa sauti: “Gramu mia tano.” Kisha akaniuliza bango litakuwa tayari saa ngapi.