Bei Tatu za Paa Moja

Tulipoazimia kubadili mabati ya nyumba yetu ya Musoma, tuliwaita mafundi watatu: mmoja wa hapa mjini, mmoja wa Bunda na mmoja wa Butiama. Kila mmoja alilitazama paa, akataja bei ya jumla. Bei ya fundi wa Bunda ilikuwa nafuu kupita zote, nasi tukakaribia kumpa kazi. Tulipomhoji ndipo tukatambua kuwa alihesabu bati la geji 30, ilhali wenzake walihesabu geji 28. Na kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Tena alikusudia kuziacha papi za zamani.

Basi tukaandika orodha moja ya kazi, tukampa kila fundi nakala: paa la pande mbili, kila upande mita 12 kwa mita 5 kufuata mteremko, yaani mita za mraba 120, bati la geji 28, kofia mita 12, papi mpya zilizotiwa dawa, kung'oa mabati ya zamani, nayo yabaki mali yetu. Kila kipengele kiwe na bei yake, ufundi mbali na vifaa.

Mbao za kenchi zilizooza huenda zisionekane mpaka bati liondolewe. Kwa hiyo tulitaka pia bei ya kubadili ubao mmoja, tusije tukapatana nyumba ikiwa wazi.

Majibu yaliporudi, fundi wa Butiama ndiye aliyekuwa chini. Lakini bei yake ya kofia ilikuwa nusu ya wenzake. Tulipomuuliza, kumbe alihesabu mita 6. Akasahihisha, akabaki chini bado, nasi tukampa kazi.