Mashine Haijafika, Hasara Imeshaandikwa

Tuchukue kiwanda cha mafuta ya alizeti Singida ambacho mwezi Oktoba kimeagiza mashine ya kukamua kutoka Ujerumani. Bei ni yuro 200,000, zitakazolipwa Machi mashine ikiwasili. Mwenye kiwanda anahofia shilingi isije ikashuka, kwa hiyo anafunga mkataba na benki: Machi atanunua yuro hizo kwa shilingi 2,900 kila moja, soko liende litakakokwenda. Tangu siku hiyo anajua mashine itamgharimu shilingi milioni 580.

Desemba 31 anafunga hesabu za mwaka. Shilingi imepanda, na anayefunga mkataba siku hiyo anapata yuro za Machi kwa 2,750. Kanuni zinataka mkataba uandikwe kwa thamani yake ya siku hiyo, na wa kwake una upungufu wa shilingi 150 kwa kila yuro, yaani milioni 30. Kwa uhasibu wa kawaida, zote zinaingia kwenye hesabu ya faida na hasara ya mwaka huo. Mashine, ambayo bei yake kwa shilingi imeshuka kwa kiasi hichohicho, bado haimo vitabuni. Ofisa mikopo akisoma hesabu hizo ataona hasara katika kiwanda ambacho mpango wake haujayumba hata kidogo. Huo ni upotoshaji.

Uhasibu wa kinga unaurekebisha. Zile milioni 30 zinawekwa kando kwenye akiba ya kinga, ndani ya mtaji, bila kugusa faida ya mwaka. Machi inapofika, tuseme yuro inauzwa 2,700; upungufu wa mkataba sasa ni milioni 40. Mashine inaandikwa kwanza kwa bei ya siku, milioni 540, kisha zile milioni 40 zinatolewa kwenye akiba na kuongezwa juu yake. Jumla ni milioni 580, bei ileile aliyoipanga Oktoba. Ikitumika miaka 10, gharama hiyo inagawanywa kama uchakavu wa milioni 58 kila mwaka, sambamba na mafuta inayokamua.

Nafuu hii haiji yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 9 kinataka, siku kinga inapoanza, pawe na maandishi yanayotaja mkataba gani unakinga ununuzi gani, dhidi ya hatari ipi, na ufanisi wake utapimwaje. Karatasi iliyoandikwa Januari haiwezi kuokoa hesabu za Desemba. Mkataba ukizidi mahitaji, mathalani yuro 250,000 kwa mashine ya 200,000, ile ziada ya 50,000 inabaki kwenye faida na hasara. Na oda ikifutwa kabisa, kilichomo kwenye akiba kinahamia huko mara moja, kwa kuwa hakuna tena mashine ya kukibeba.

Kwa hiyo ukiwa unajiandaa kusaini mkataba wa namna hii, mwite mhasibu wako kabla ya siku ya kusaini.